Barua kwa fundi umeme, kabla ukuta haujapigwa lipu

Fundi,

Kuta za nyumba yetu hapa Kismayo, kama ujuavyo, ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zikichimbwa hubomoka vipande vipande, na lipu yake ni kazi ya siku nzima. Ndiyo maana nataka sasa, wakati kuta zi wazi, tutayarishe njia ya swichi za kujiendesha na pampu ya kujizima tangi likijaa, ingawa vifaa vyenyewe nitanunua baadaye. Naomba bei tatu mbalimbali, nizilinganishe.

Ya kwanza ni nutro kwenye kila boksi la swichi. Desturi yetu ni kuteremsha laivu na waya wa kurudi taani tu, nutro ikabaki darini. Swichi nyingi za kujiendesha hazifanyi kazi bila nutro, na zile zinazofanya hupitisha umeme kidogo ndani ya taa, hata taa za LED zikamemeteka usiku zikiwa zimezimwa. Swichi ni sita, kila moja kama mita 6 kutoka boksi la darini: mita 36, kwa hiyo roli moja ya waya wa 1.5 mm yatosha na kubaki. Maboksi yawe ya kina cha 47 mm, maana ya 25 mm hayamezi kifaa na nyaya pamoja. Hii nitaifanya hata bei ikiwa kubwa.

Ya pili ni paipu tupu za plastiki za 25 mm, kutoka pale penye modemu hadi sebuleni mita 12, getini mita 18 na tangini juu ya paa mita 9. Jumla ni mita 39, yaani vipande 13 vya mita 3, na viwili vya akiba. Paipu za chuma sizitaki, chumvi ya bahari itazila. Ndani tia kamba ya nailoni, si waya wa chuma, na kona zisizidi mbili kati ya boksi na boksi, la sivyo kebo haitavutika.

Ya tatu ni paipu hizohizo, lakini kebo za CAT6 ziwe ndani tangu sasa. Hapa nasita. Ncha za shaba zikikaa miaka bila kufungwa, hewa yetu huzichafua. Nadhani nitatia ya sebuleni pekee, kwa sababu kuta hizi nene hudhoofisha waifai. Kebo iwe shaba tupu: ikwangue kwa kisu, ikitoka nyeupe ndani ni alumini iliyopakwa. Na isipite paipu moja na nyaya za umeme.

Tafadhali tenga bei ya vifaa na ya kazi. Kisha, kabla ya lipu, tupige picha kila ukuta futi ikiwa imenyooshwa kando ya paipu.

Njoo Alhamisi baada ya Alasiri, nitakuwa nimeshachora njia kwa chaki.