Cheti cha Huduma ya Kwanza Pekee Hakimpi Mtu Ithibati ya Ukufunzi

Mkazi wa Kigwa, Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, mwenye cheti cha huduma ya kwanza anaweza kumhudumia majeruhi, lakini cheti hicho hakimpi ithibati ya kufundisha wengine. Anayetaka kuwa mkufunzi husomea kwanza mbinu za ufundishaji, kisha hufanya mazoezi ya kufundisha chini ya mkufunzi mwandamizi.

Mojawapo ya mbinu hizo ina hatua nne. Katika somo la kukandamiza kifua, mwombaji huonesha kitendo chote akiwa kimya, halafu hukirudia akieleza. Hatua ya tatu, mwanafunzi hueleza na mwombaji hutenda. Ya nne, mwanafunzi hutenda mwenyewe huku akieleza. Hatua ya tatu ikirukwa, si rahisi kutambua kama mwanafunzi ameelewa au anaiga tu. Msimamizi hutazama pia iwapo mwombaji anabaini makosa, kama vile viwiko vilivyokunjwa au mkandamizo usiofikia kina cha sentimita 5 kwa mtu mzima.

Ithibati huhuishwa kwa sababu miongozo hubadilika. Kabla ya mwaka 2005, mtu mzima alikandamizwa kifua mara 15 kwa pumzi 2. Mwaka huo miongozo ya kimataifa iliweka mara 30 kwa pumzi 2. Mkufunzi asiyerudi darasani angeendelea kueneza utaratibu uliokwisha kuachwa.

Hivyo, kabla ya kulipa ada, mwombaji anashauriwa kuuliza ni nani anatambua cheti hicho, kinadumu kwa muda gani, na atafundisha vipindi vingapi akisimamiwa.