Ngao Mbele ya Seva

Mwishoni mwa Julai 2023, Wakenya waliofungua eCitizen kuomba viza, pasipoti au leseni walikuta ukurasa umekwama. Waziri wa wakati ule, Eliud Owalo, alieleza kwamba mfumo ulimiminiwa maombi mengi kupita kawaida na kwamba hakuna taarifa iliyopotea. Kundi la Anonymous Sudan lilijitokeza kudai kuhusika. Oktoba 2024, Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani kwa mashambulizi zaidi ya 35,000.

Shambulio la namna hii halivunji kufuli lolote. Ombi moja la kutafuta rekodi humgharimu anayelituma kitu kidogo sana, lakini seva hulazimika kulifungua, kuuliza hifadhidata na kuandaa jibu. Maombi yakija kwa maelfu kila sekunde, mwananchi wa kweli hapati nafasi.

Ndiyo maana programu iliyo kwenye wingu huwekewa ngao mbele yake. Mwenye tovuti hubadilisha DNS ili jina lake lielekee kwenye mtandao wa mlinzi, kama Cloudflare au CloudFront ya Amazon. Takataka za mtandao huishia huko. Maombi yanayobaki husomwa na ukuta-moto wa tovuti, unaokagua njia, vichwa na maandishi ya kila ombi. Ukikuta `' OR '1'='1` katika kisanduku cha jina, unalizuia, kwa sababu hiyo ni hila ya kuidanganya hifadhidata.

Mafuriko huhitaji kikomo. Tuseme ukurasa wa kuingia unaruhusu maombi 100 kwa dakika 5 kutoka kila anwani ya IP. Kwetu hapa kuna mtego: kampuni za simu huwapitisha wateja wengi katika anwani moja. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, watu 30 wasio na hatia wanaweza kukifikia kikomo hicho kwa pamoja na wote wakafungiwa. Fundi makini huanza kwa kuhesabu tu bila kuzuia, akaangalia kwenye rekodi ni anwani zipi zingeguswa, kisha akahesabu pia kwa kuki ya kila mtumiaji.

Pengo baya zaidi ni mlango wa nyuma. Anwani halisi ya seva ikijulikana, labda kupitia rekodi za zamani za DNS, mshambuliaji huikwepa ngao yote. Kulipima hili si kazi kubwa:

```
curl -I --connect-timeout 5 --resolve mfano.example:443:203.0.113.10 https://mfano.example/
```

Amri hiyo, ikiwa na jina na anwani halisi, huendeshwa kutoka nje. Ikirudi `200`, ngao inakwepeka. Seva inapaswa kupokea maombi kutoka anwani za mlinzi pekee, na kwa kuwa wateja wengine wa mlinzi huyo hutumia anwani hizo hizo, kila ombi lidaiwe pia cheti au alama ya siri. Anwani iliyokwisha kufichuka ibadilishwe kabisa, kwa sababu hata mlango uliofungwa unaweza kuzibwa na mafuriko.