Urefu na Idadi: Jinsi ya Kuhesabu Mifuatano Mirefu Inayopanda

Chukua orodha ya namba saba: 4, 2, 5, 3, 6, 5, 8. Ukipita kutoka kushoto kwenda kulia, ukaokota baadhi na kuacha nyingine, bila kurudi nyuma, na kila unayookota ikawa kubwa kuliko iliyotangulia, utapata mfuatano unaopanda. Namba 2, 5, 8 ni mfuatano wa namna hiyo. 4, 6, 8 pia. Mrefu kuliko yote katika orodha hii una namba nne, kwa mfano 2, 3, 6, 8.

Hapo yanazaliwa maswali mawili. La kwanza linauliza urefu: mfuatano mrefu kabisa una namba ngapi? La pili linauliza idadi: mifuatano yenye urefu huo iko mingapi? Swali la kwanza limechunguzwa kwa miaka mingi. Paul Erdős na George Szekeres waliligusa mwaka 1935, na Craige Schensted akaliandikia makala mwaka 1961. La pili linaonekana gumu zaidi, lakini linajibiwa kwa kazi ileile ya la kwanza, mradi kando ya kila urefu pawekwe hesabu moja ya ziada.

Njia inayomjia mtu kwanza ni kujaribu kila uwezekano. Kila namba ama inaokotwa ama inaachwa, kwa hiyo namba saba zina machaguo 128, na hayo mtu anaweza kuyamaliza kwa kalamu. Namba 20 zina machaguo 1,048,576. Namba 60 zina zaidi ya bilioni moja mara bilioni moja, na hapo hata kompyuta inashindwa.

Njia bora ni kuligawa swali. Badala ya kuuliza kuhusu orodha nzima, huulizwa kuhusu kila nafasi: kati ya mifuatano inayoishia hasa kwenye namba hii, mrefu kabisa una urefu gani, na yenye urefu huo iko mingapi? Majibu ya nafasi za mwanzo huandikwa, na nafasi zinazofuata huyatumia bila kuanza upya. Mtindo huu wa kuhifadhi majibu madogo ili kujenga makubwa ulikuzwa na Mmarekani Richard Bellman katika miaka ya 1950.

Kila nafasi huanza na urefu 1 na idadi 1, kwa sababu namba yoyote ikisimama peke yake ni mfuatano wa namba moja. Kisha nafasi hiyo huwaangalia watangulizi wake wote, mmoja baada ya mwingine, na kuwajali wale tu walio wadogo kuliko yenyewe. Kwa kila mtangulizi wa aina hiyo, urefu wake huongezwa 1 na kulinganishwa na urefu ambao nafasi imekwisha kuandika. Ukiwa mkubwa zaidi, urefu mpya huchukua nafasi ya wa zamani, na idadi ya zamani hufutwa, ikawekwa idadi ya mtangulizi huyo. Ukiwa sawa, urefu haubadiliki, ila idadi ya mtangulizi hujumlishwa kwenye iliyopo. Ukiwa mdogo, hakuna kinachofanyika.

Namba 6 katika orodha yetu inaonyesha hatua zote. Kabla ya kuifikia, majibu yaliyoandikwa ni haya: 4 ina urefu 1 na idadi 1, 2 ina urefu 1 na idadi 1, 5 ina urefu 2 na idadi 2, kwa kuwa imefuata ama 4 ama 2, 3 ina urefu 2 na idadi 1, kwa kuwa imefuata 2 tu. Sasa 6 inaanza na urefu 1, idadi 1. Inakutana na 4, urefu unapanda kuwa 2 na idadi inabaki 1. Inakutana na 2, urefu unaotokea ni 2 vilevile, basi idadi inaongezeka kuwa 2. Inakutana na 5, ambayo inaleta urefu 3; ile idadi ya 2 inafutwa, na inaandikwa idadi ya 5, ambayo nayo, kwa sadfa, ni 2. Mwisho inakutana na 3, inayoleta urefu 3 pia, na idadi yake ya 1 inaongezwa. Namba 6 inatoka na urefu 3 na idadi 3.

Zilizobaki hufuata mkondo huohuo. Ile 5 ya pili haiwezi kuifuata 6 wala 5 ya kwanza, hivyo inapata urefu 3 kupitia 3 peke yake, na idadi 1. Namba 8 inawafuata wote, lakini walio na urefu mkubwa kabisa ni 6 na 5 ya pili; urefu wake unakuwa 4, na idadi yake 3 kujumlisha 1, yaani 4. Kwa kuandika yote, mifuatano hiyo ni 4-5-6-8, 2-5-6-8, 2-3-6-8 na 2-3-5-8. Hakuna wa tano.

Hesabu hii inaaminika kwa sababu mbili. Kwanza, mfuatano mrefu kabisa unaoishia mahali fulani, ukikatwa namba yake ya mwisho, kipande kinachobaki nacho lazima kiwe kirefu kabisa kati ya vinavyoishia pale kilipokatwa. Kingekuwepo kirefu zaidi, kingewekwa badala yake na mfuatano mzima ungerefuka. Ndiyo maana mtangulizi anahitaji kukumbuka idadi ya mifuatano yake mirefu tu. Mifupi haitakuja kuhitajika. Pili, kila mfuatano una nafasi moja tu ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo unahesabiwa kupitia mtangulizi mmoja. Hakuna unaohesabiwa mara mbili wala unaosahaulika.

Kwa lugha ya Python, kazi yote ni hii:

```python
def hesabu(a):
    n = len(a)
    urefu = [1] * n
    idadi = [1] * n
    for i in range(n):
        for j in range(i):
            if a[j] < a[i]:
                if urefu[j] + 1 > urefu[i]:
                    urefu[i] = urefu[j] + 1
                    idadi[i] = idadi[j]
                elif urefu[j] + 1 == urefu[i]:
                    idadi[i] += idadi[j]
    kikomo = max(urefu, default=0)
    return sum(c for u, c in zip(urefu, idadi) if u == kikomo)
```

Mstari wa mwisho ndio unaowaponyoka wengi. Jibu si idadi iliyoandikwa kwenye nafasi ya mwisho, wala kwenye nafasi ya kwanza yenye urefu mkubwa kabisa. Ni jumla ya idadi za nafasi zote zenye urefu huo. Orodha yetu ikiongezwa namba 7 baada ya 8, hiyo 7 inapata urefu 4 na idadi 4 kupitia 6 na 5 ya pili, na jibu linakuwa 8. Anayesoma nafasi moja tu atapata 4. Kosa jingine la kawaida ni kujumlisha pale panapotakiwa kufuta. Namba 6 isingefuta idadi yake ilipokutana na 5, ingemaliza na 5 badala ya 3, kwa kuchanganya mifuatano mifupi na mirefu.

Namba zinazojirudia zinahitaji uamuzi kabla ya kuanza. Njia hii huhesabu nafasi, haihesabu sura za namba. Katika orodha 1, 1, 2 hutoa jibu 2, kwa kuwa 2 inaweza kuifuata 1 ya kwanza au ya pili, ingawa kwa macho yote mawili ni 1, 2. Anayetaka kuhesabu sura tofauti tu anapaswa, kwa kila thamani iliyojirudia, kusoma tokeo la mwisho pekee, katika kuwaangalia watangulizi na katika kujumlisha mwishoni. Tokeo la mwisho lina watangulizi wote wa matokeo yaliyopita, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Idadi hukua haraka kuliko urefu. Orodha 3, 2, 1, 6, 5, 4, 9, 8, 7 imepangwa kwa mafungu ya tatu, na mfuatano mrefu huokota namba moja kila fungu. Mifuatano ni 3 × 3 × 3, yaani 27. Ikiendelezwa hivyo hadi namba 60, idadi inafika 3,486,784,401, na hiyo haitoshi katika namba ya biti 32 yenye alama, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Kwa namba 120, hata biti 64 zenye alama hazitoshi. Dalili ya kufurika ni jibu hasi, au jibu dogo kuliko inavyowezekana. Python haina tatizo hilo. Katika lugha nyingine, mashindano mengi huomba baki la kugawanya kwa 1,000,000,007. Hapo baki laweza kuwa sifuri ingawa mifuatano ipo, kwa hiyo sifuri isitumike kama alama ya nafasi tupu.

Kuna pia suala la muda. Kila nafasi huwaangalia watangulizi wote, na kwa namba 100,000 ulinganisho unakaribia bilioni 5. Wapo wanaofikiria kutumia njia ya haraka inayojulikana kwa swali la urefu, ile inayohifadhi kwa kila urefu namba ndogo kabisa inayoishia hapo. Kwa idadi njia hiyo, kama ilivyo, haifai. Katika orodha yetu, 3 ingechukua nafasi ya 5 kama mwisho wa urefu 2, na 6 ingemkuta mtangulizi mmoja mwenye idadi 1, ilhali zile mbili za 5 zimekwisha tupwa.

Dawa ni mti wa Fenwick, uliotangazwa na Peter Fenwick mwaka 1994. Namba hupewa daraja kutokana na ukubwa wake, na kila kisanduku cha mti hubeba jozi ya urefu na idadi. Jozi mbili zikikutana, yenye urefu mkubwa hubaki. Urefu ukilingana, idadi hujumlishwa. Nafasi mpya huuliza mti jozi ya madaraja yote yaliyo chini yake, huongeza urefu kwa 1, kisha huingiza jozi yake. Mti usipokuwa na kitu chini yake, nafasi huanza na urefu 1 na idadi 1. Kwa namba 100,000, kila swali hugusa visanduku visivyozidi 17, na kazi nzima inashuka hadi milioni chache za hatua.

Kabla ya kuiamini programu yoyote ya aina hii, itengenezewe orodha fupi za nasibu, za namba 10 au 12 zenye kujirudia, na majibu yake yalinganishwe na ya ile njia ya kujaribu kila uwezekano. Kwa namba 12 machaguo ni 4,096 tu, na kosa la kufuta au la kujumlisha mwishoni hujitokeza baada ya orodha chache.