Tiketi ya Saa Tano: Nusu ya Siku Nairobi Bila Kukimbizana

Sisi watu wa Lubumbashi hatujazoea kupangiwa dakika. Ukitaka kwenda makumbusho au bustani ya wanyama, unakula kwanza, unasubiri jua lipungue, halafu unatoka. Mazoea hayo hayana ubaya wowote, mpaka siku unapokwenda Nairobi (nasema Kenya yenyewe, si komini yetu ya Kenya) na unataka kuona watoto wa tembo wanaolelewa na shirika la Sheldrick.

Shirika hilo lilianzishwa na Daphne Sheldrick mwaka 1977 kwa kumkumbuka mumewe David. Kituo chake kilicho ndani ya mbuga ya Nairobi hulea tembo waliopoteza mama zao, na wageni wa kawaida huruhusiwa saa moja tu kwa siku, kuanzia 11:00 hadi 12:00. Nafasi hukatwa mapema kwenye tovuti ya shirika. Ukifika mlangoni bila uthibitisho, unarudi ulikotoka.

Kabla ya kulipia tiketi yoyote ya muda, jiulize: saa iliyoandikwa ni ya kuingia, au ni ya tukio lenyewe? Louvre ya Paris, kwa mfano, hukupa saa ya kuingia. Ukishaingia, unaweza kukaa humo mpaka miguu ichoke. Ukichelewa kidogo, umepoteza nafasi yako kwenye foleni, si michoro. Kwa Sheldrick mambo ni tofauti. Tembo huletwa kunywa maziwa kwenye chupa na kucheza matopeni, walezi hueleza habari za kila mmoja, kisha basi. Anayefika saa tano na nusu amekosa nusu ya alicholipia, na hakuna zamu ya pili ya kumfidia.

Kwa hiyo tiketi ya tukio ndiyo inayotangulia, mengine yote hufuata. Tafuta kwanza siku yenye nafasi, ndipo ukate ndege, hasa Julai, Agosti na Desemba, wageni wanapojaa. Wala usiiweke siku ya kufika. Ndege ikichelewa kutoka Lubumbashi, tembo hawatakungoja.

Tuseme umelala katikati ya jiji na tiketi yako ni ya Jumamosi. Hesabu kwa kurudi nyuma. Tukio linaanza saa tano asubuhi. Foleni na ukaguzi wa langoni vipe nusu saa, kwa hiyo uwe umefika saa nne na nusu. Dereva akisema njia ni dakika arobaini, wewe mpe saa moja na robo, maana foleni ya magari ya Nairobi haina adabu. Basi unatoka saa tatu na robo. Mwambie dereva waziwazi kwamba mnapita Barabara ya Magadi. Akisikia tu kwamba unakwenda mbugani, anaweza kukupeleka lango kuu lililo Barabara ya Langata, na hapo ile akiba yako ya dakika itaishia kwenye kuzunguka.

Asubuhi hiyo usipange kitu kingine. Mchana usiufunge kwa tiketi ya pili. Baada ya saa sita, mtaa wa Karen uko jirani. Kula kwanza, kisha chagua kati ya kituo cha twiga cha Langata na nyumba ya makumbusho ya Karen Blixen. Mvua ikinyesha, nenda nyumbani kwa Blixen. Watoto wakiwa bado na nguvu, nenda kwa twiga. Mkichoka, rudini hotelini, hamjapoteza hata faranga.

Lakini tatizo ninaloliona zaidi kwa wasafiri wetu ni saa yenyewe. Nairobi iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja, na tukio la tembo ni la saa moja. Simu ambayo haijashika mtandao wa Kenya inaweza kubaki na saa ya nyumbani. Ikikuonyesha 11:00, Nairobi ni 12:00, na hukuchelewa kidogo: umekosa lote.

Kalenda ya simu nayo ina mtego wake. Ukiandika miadi ya 11:00 ukiwa bado Lubumbashi, simu huihesabu kwa saa ya Lubumbashi. Ukishuka Nairobi, itaisogeza yenyewe hadi 12:00. Unapoandika miadi hiyo, chagua eneo la saa la `Africa/Nairobi` badala ya `Africa/Lubumbashi`. Utajua umepatia kama, ukiwa bado nyumbani, kalenda inakuonyesha 10:00. Usiisahihishe, iko sawa. Na ukimtumia dereva ujumbe, andika 11:00 na uongeze saa tano asubuhi, asije mtu akasoma kumi na moja akakufuata jioni.

Saa sita mchana tembo hurudi msituni pamoja na walezi wao, na wageni huonyeshwa njia ya kutokea.