Pato Huwa Pato Lini? Msingi wa Fedha Taslimu na Msingi wa Malimbikizo katika Istilahi za Uhasibu za Kiswahili

Ikisiri

Neno "mapato" hutumika katika Kiswahili cha uhasibu kutaja matukio mawili tofauti: fedha kuingia mkononi na fedha kustahiliwa kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Makala hii inaeleza tofauti hiyo kwa kufuatilia mkataba mmoja wa mfano, wa mchapishaji na mradi wa elimu, na kuonyesha ni wapi istilahi zilizopo zinamsaidia msomaji wa hesabu na ni wapi zinampotosha.

1.0 Neno na tukio

Nomino "mapato" imetokana na kitenzi "pata", na kupata ni kupokea. Kwa hiyo msomaji wa kawaida anapokutana na kauli kwamba shirika lilikuwa na mapato ya shilingi milioni 60, huelewa kwamba fedha hizo ziliingia. Katika msingi wa fedha taslimu uelewa huo ni sahihi kabisa. Pato huandikwa siku fedha inapopokelewa, na gharama huandikwa siku fedha inapotoka. Ankara ambayo haijalipwa haimo katika hesabu hizo.

Msingi wa malimbikizo unauliza swali jingine. Hauulizi fedha imefika lini, bali ahadi kwa mteja imetimizwa lini. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kilichotolewa mwaka 2014 na kuanza kutumika Januari 1, 2018, kinamtaka mwandaaji wa hesabu autambue mkataba, azitenge ahadi zilizomo, aijue bei, aigawe bei hiyo kwa kila ahadi, kisha aandike pato pale kila ahadi inapotimizwa, yaani mteja anapokuwa na mamlaka juu ya bidhaa au huduma aliyoahidiwa. Hapa Kiswahili kina neno linalofaa zaidi kuliko "pata", nalo ni "chuma". Mtu huchuma kwa kazi yake. Chumo huwapo hata kabla ya ujira kulipwa.

2.0 Mkataba wa mfano

Tuchukue mchapishaji ambaye mwaka wake wa fedha huishia Juni 30. Mwanzoni mwa Machi anasaini mkataba wa shilingi milioni 60 na mradi wa elimu. Ameahidi nakala 4,000 za kamusi ya shule, kila moja shilingi 12,500, na semina nne za walimu kuhusu matumizi ya kamusi hiyo, kila moja shilingi milioni 2.5. Bei hizo ni zilezile anazotoza kila kimoja kikiuzwa peke yake, hivyo hakuna punguzo la kugawanya. Mradi unalipa milioni 24 za awali mwezi huohuo wa Machi, na milioni 36 zilizobaki zitalipwa kazi yote ikikamilika.

Mchapishaji anakabidhi nakala 2,400 Juni 10, na semina moja inafanyika Juni 25. Nakala 1,600 zilizosalia zinafika Agosti, semina tatu zinafanyika Septemba, na malipo ya mwisho yanaingia Oktoba.

Kwa msingi wa fedha taslimu, mwaka wa kwanza una mapato ya milioni 24 na wa pili milioni 36. Kwa msingi wa malimbikizo, mwaka wa kwanza una milioni 30 za kamusi zilizokabidhiwa na milioni 2.5 za semina, jumla milioni 32.5, mwaka wa pili una milioni 27.5. Jumla ya miaka yote miwili ni ileile, milioni 60. Kinachobishaniwa ni mwaka, wala si kiasi.

Hali ya mwisho wa Machi inafunza zaidi. Benki ina milioni 24, lakini hakuna hata nakala moja iliyokabidhiwa. Katika msingi wa malimbikizo fedha hiyo si pato. Ni dhima, kwa kuwa mchapishaji anadaiwa kamusi na semina, na akishindwa kuzitoa huenda akatakiwa kuzirudisha. Kufikia Juni 30 mizani imegeuka. Amechuma milioni 32.5 na kupokea 24, hivyo anaudai mradi milioni 8.5. Hata hivyo bado hawezi kuzitolea ankara, maana mkataba unasema salio litalipwa kazi ikikamilika. Kwa sababu hiyo IFRS 15 hukiita kiasi hicho mali ya mkataba, na hukitenga na deni la mteja, ambalo hungoja tarehe ya malipo tu. Anayekopesha mchapishaji huyo ana sababu ya kuijali tofauti hiyo: mali ya mkataba inategemea semina ambazo hazijafanyika.

3.0 Mahali hesabu zinapokosewa

Kosa la kawaida ni kuyaandika malipo ya awali kuwa mapato siku yanapoingia. Dalili yake huonekana bila utaalamu mkubwa: mapato hupanda ghafla mwezi wa kusaini mikataba, gharama za uchapaji hufuata miezi kadhaa baadaye, na taarifa ya mwaka huonyesha faida nono ikifuatiwa na hasara isiyoelezeka. Kosa la pili hutokea siku za mwisho za Juni. Kamusi zilizochapwa na kufungwa ghalani kwa mchapishaji bado hazijachumwa. Zikiwa ndani ya lori usiku wa Juni 30, jibu linategemea mkataba unasema makabidhiano ni kwenye lango la mchapishaji au kwenye ghala la mradi. Mkaguzi huzichukua hati za makabidhiano za wiki mbili kabla na baada ya tarehe hiyo, akalinganisha saini na tarehe ya pato lililoandikwa.

Isidhaniwe kwamba fedha taslimu ni msingi wa wasiojua. Ni rahisi, ni vigumu kuuchezea, na humfaa mfanyabiashara mdogo anayeuza na kulipwa papo hapo. Malimbikizo yanahitaji uamuzi wa kibinadamu, na penye uamuzi pana nafasi ya kupamba hesabu. Tena shirika linaweza kuonyesha faida kwa malimbikizo huku likikosa fedha ya mishahara. Ndiyo maana taarifa ya mtiririko wa fedha huambatanishwa.

4.0 Tatizo la istilahi

Serikali ya Tanzania ilianza kutumia viwango vya IPSAS vya msingi wa malimbikizo katika mwaka wa fedha 2012/2013, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutolewa pia kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwananchi anayezisoma hukutana na maneno haya moja kwa moja. Shida ni kwamba katika matumizi ya kila siku "malimbikizo" ni madeni ya nyuma: malimbikizo ya mishahara ni mishahara iliyocheleweshwa. Msomaji akielezwa kwamba taasisi inatumia "msingi wa malimbikizo", anaweza kufikiri kwamba ina madeni sugu. Maana ya asili ya "limbika", kuacha kitu kikusanyike, inaafiki dhana ya uhasibu, lakini matumizi yameikimbia.

Kwa upande wa fedha zilizoingia, lugha tayari imejitengenezea njia. Mamlaka za kodi hutangaza "makusanyo", na neno hilo halina utata: ni fedha iliyokwisha kukusanywa. Kwa malimbikizo, pato la kodi huhesabiwa tangu tukio linalotozwa kodi litokee, mradi kiasi chake kinaweza kukadiriwa kwa kuaminika, hata kama mlipakodi hajalipa. Takwimu hizo mbili za mwaka mmoja hazitalingana, na mshauri wa sera anayeziita zote "mapato" atalinganisha vitu viwili visivyolingana. Pendekezo la makala hii ni kwamba "makusanyo" na "mapokezi" yatengewe fedha iliyoingia, "mapato" yabaki kwa kilichochumwa, na "msingi wa stahili" ujaribiwe badala ya "msingi wa malimbikizo" katika taarifa zinazokusudiwa umma. "Stahili" nalo lina mzigo wake, kwa kuwa watumishi hulitumia kwa posho na marupurupu. Lakini mzigo huo unaelekea upande wa haki iliyopatikana kwa kazi, na hapo ndipo pato linapoanzia.