Kebo Mbili, Moja Inalala

Chuo kimoja kilikuwa na seva ya kuhifadhi video za mihadhara. Jioni wanafunzi wakijaa maabara, video zilianza kukwama. Uongozi ukaambiwa kwamba njia kati ya seva na swichi ni nyembamba, nao ukakubali kuongeza kebo ya pili. Kila kebo ilibeba gigabiti 1 kwa sekunde, kwa hiyo wote walitarajia gigabiti 2. Kebo zikachomekwa, seva ikawekewa mipangilio ya kuzifanya ziwe njia moja, na swichi ikakubali. Jioni ile ile video zikakwama vile vile.

Nilipofika, msimamizi wa maabara alinionyesha taa za swichi. Poti moja ilikuwa ikimeta bila kupumzika. Ya pili iliwaka kidogo, ikatulia, ikawaka tena. "Kaka, tumenunua kebo ya nini hii?" aliniuliza. Alikuwa na haki ya kuuliza. Na jibu ni kwamba hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Wengi tunawaza mtandao kama maji. Mabomba mawili yakielekea kwenye tenki moja, tenki linajaa upesi maradufu, maana tone la bomba hili halina tofauti na tone la bomba lile. Data si maji. Video inakatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila kipande kina nafasi yake kwenye foleni. Vipande vya video moja vikipishana kwenye kebo mbili, cha tano kinaweza kufika kabla ya cha nne. TCP, utaratibu unaosimamia usafirishaji huo, hauoni kwamba vimepishana tu. Mpokeaji akirudia mara tatu kusema kwamba bado anakisubiri cha nne, mtumaji anaamini kimepotea. Anakituma upya na kupunguza kasi. Kebo ya pili inakuwa imeleta hasara.

Kwa sababu hiyo, kiwango cha kimataifa cha kuunganisha kebo sambamba, kilichotolewa mwaka 2000 kwa jina la IEEE 802.3ad na tangu 2008 kikahamia 802.1AX, kinashikilia sharti moja: pakiti za mazungumzo mamoja zisipishane. Njia rahisi ya kulitimiza ni kuyaweka mazungumzo yote kwenye kebo moja, mwanzo hadi mwisho. Fikiria madirisha mawili ya kutolea dawa hospitalini. Mgonjwa mmoja hahudumiwi upesi maradufu kwa sababu madirisha ni mawili, kwani faili lake ni moja na litasomwa dirisha moja. Faida inaonekana pale wagonjwa wanapokuwa wengi na kugawanyika.

Sasa nani anawagawa? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ndipo mafundi wengi wanapopita haraka. Kifaa kinachotuma hakiangalii kebo ipi ina nafasi. Kinasoma namba fulani zilizoandikwa kwenye pakiti, kinafanya hesabu fupi, na jibu la hesabu hiyo ndilo kebo. Namba zilezile hutoa jibu lilelile daima, hata kebo hiyo ikiwa imejaa pomoni na jirani yake ikiwa tupu.

Kwenye seva ya Linux, kama hujagusa kitu, kanuni hiyo inaitwa `layer2`. Inachukua tarakimu za mwisho za anwani ya MAC ya mtumaji na za mpokeaji, na namba inayotaja aina ya pakiti, inazilinganisha biti kwa biti, kisha inagawa jibu kwa idadi ya kebo na kutazama baki. Anwani ya MAC ni ile namba ambayo kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani. Kwa kebo mbili hesabu ni nyepesi kabisa, kwa sababu kinachohitajika ni kujua tu kama namba ni shufwa au witiri. Zote mbili zikiwa shufwa, au zote witiri, baki ni 0 na pakiti inapita kebo ya kwanza. Moja ikiwa shufwa na nyingine witiri, baki ni 1 na inapita kebo ya pili. Namba ya aina ya pakiti za kawaida za IPv4 ni 2048, nayo ni shufwa, kwa hiyo haibadilishi chochote.

Tuirudie seva ya chuo. Anwani yake iliishia na `1c`, yaani 28, shufwa. Maabara za wanafunzi zilikuwa kwenye mtandao mwingine, jengo la pili, na kila pakiti ya kwenda huko ilipaswa kupitia ruta. Hapa kuna jambo lisiloonekana kwa macho: pakiti inayokwenda mtandao mwingine haiandikwi MAC ya kompyuta ya mwanafunzi. Inaandikwa MAC ya ruta, maana ruta ndiyo itakayoipokea kwanza. MAC ya ruta ile iliishia na `a7`, yaani 167, witiri. Shufwa na witiri, baki 1, kebo ya pili. Mwanafunzi wa kwanza, kebo ya pili. Wa sitini, kebo ya pili. Ni kama kijiji kizima kimtume mtu mmoja hospitalini achukue dawa za wote, na karani anawagawa watu kwa namba ya kadi: kadi ni ya mjumbe yule yule, basi dirisha ni lile lile.

Kabla ya kulaumu kanuni, lakini, hakikisha muungano wenyewe umekamilika. Seva na swichi huafikiana kwa kutumiana ujumbe wa LACP, na hali yao husomeka kwa amri hii:

```
sudo cat /proc/net/bonding/bond0
```

Tafuta mstari wa `Aggregator ID` chini ya kila kebo. Namba zikilingana, kebo ziko kundi moja. Zikitofautiana, swichi haijazikubali kama kundi, na moja kweli haifanyi kazi. Hilo ni kosa la mipangilio, mara nyingi upande wa swichi. `Partner Mac Address` ikiwa sifuri tupu, swichi haijajibu LACP kabisa. Kwa seva ya chuo yote hayo yalikuwa sawa, na mstari wa juu ulisema wazi: `Transmit Hash Policy: layer2 (0)`. Kisha nikatazama hesabu za pakiti kwa `ip -s link show eno1` na `eno2`. Safu ya kutuma ya `eno2` ilikuwa inapaa; ya `eno1` karibu haikusogea.

Tiba ilikuwa kuifanya seva isome namba zinazotofautiana. Kanuni ya `layer3+4` hutazama anwani za IP na namba za poti za programu, na hizo hubadilika kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi, hata kama wote wako nyuma ya ruta moja. Kwenye Ubuntu inayotumia netplan, sehemu husika ilikuwa hivi:

```
bonds:
  bond0:
    interfaces: [eno1, eno2]
    parameters:
      mode: 802.3ad
      mii-monitor-interval: 100
      transmit-hash-policy: layer3+4
```

Niseme ukweli wake pia: waandishi wa programu hiyo wenyewe wanatahadharisha kwamba `layer3+4` haitimizi kiwango kikamilifu. Pakiti kubwa iliyokatwa njiani haibebi namba za poti katika vipande vyake vyote, basi vipande vinaweza kupishana. Kwa video zinazosafiri kwa TCP hilo hutokea mara chache sana, na mimi huitumia bila wasiwasi.

Mabadiliko hayo yalitibu upande mmoja tu. Seva inaamua kebo ya vinavyotoka kwenye seva. Vinavyoingia vinaamuliwa na swichi, kwa kanuni yake yenyewe, na pande hizi mbili haziulizani. Asubuhi wahadhiri walipopakia video mpya, ugonjwa ulikuwa ule ule kwa mwelekeo wa kinyume. Swichi kama Catalyst 2960 ya Cisco, isipobadilishwa, hutazama MAC ya mtumaji peke yake. Kila kilichotoka jengo la pili kilikuwa na MAC ya ruta, kwa hiyo kilishukia kebo moja.

```
show etherchannel load-balance
configure terminal
port-channel load-balance src-dst-ip
```

Amri ya kwanza inaonyesha kanuni iliyopo, ya tatu inaibadilisha ili isome IP za pande zote mbili. Kwenye swichi za aina hiyo badiliko linagusa makundi yote ya kebo, si lako tu, kwa hiyo mjulishe mwenye swichi kwanza.

Baadaye msimamizi aliniambia amejaribu mwenyewe kwa kompyuta yake na bado amepata megabiti 941 kwa sekunde. Jaribio lake lilikuwa na kasoro ambayo karibu kila mmoja wetu ameifanya: kompyuta aliyotumia ilikuwa na kadi ya gigabiti 1. Hata seva ingekuwa na kebo kumi, kompyuta hiyo isingeweza kupokea zaidi ya hapo, na 941 ndiyo inayobaki baada ya kutoa uzito wa bahasha za pakiti. Ili kuona kebo mbili zikifanya kazi unahitaji kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa `iperf3` hupokea jaribio moja tu kwa mara, seva iendeshe mbili, moja kwenye poti 5201 na nyingine 5202. Kila kompyuta ipime hivi, kila moja kwa poti yake:

```
iperf3 -c 192.168.10.5 -p 5202 -P 4 -R
```

`-P 4` inafungua mazungumzo manne, na `-R` inaifanya seva ndiyo itume. Ukijaribu kwa mazungumzo mawili tu, usishtuke yakiangukia kebo moja: hilo hutokea nusu ya mara. Hata matatu yanaweza kukutana upande mmoja mara moja katika kila nne. Kanuni haisawazishi uzito, inagawa kwa bahati ya namba, na wingi wa watumiaji ndio unaoleta usawa.

Kuna fundi atakayekushauri uache yote hayo na kutumia `balance-rr`, inayotuma pakiti moja huku, inayofuata kule. Hiyo ndiyo ile hali ya vipande kupishana niliyoieleza mwanzo, tena kwa makusudi. Zaidi ya hayo, inagusa vinavyotoka kwenye seva tu. Swichi itaendelea na hesabu yake.

Jioni iliyofuata hesabu za `eno1` na `eno2` zilipanda pamoja, si sawasawa, na video zikaacha kukwama. Ila mhadhiri anayenakili faili moja la gigabaiti 40 bado analisubiri dakika sita hivi, kwa megabaiti 117 kwa sekunde, kama alivyolisubiri siku ya kebo moja. Akitaka hilo lipungue, kebo ya tatu haitamsaidia. Anunuliwe kadi ya gigabiti 10, yeye na seva, na poti za swichi za kuzipokea.