Mvuke Unavyopata Kasi

Kabla mvuke haujazungusha turbini kama zile za Olkaria, hupenyezwa kwenye nozeli, njia fupi inayobanwa. Nozeli haina kinachozunguka, na mvuke hupita upesi mno kiasi kwamba joto linalopotea ukutani halihesabiki. Kwa hiyo enthalpi inayopungua, yaani nishati iliyobebwa na joto na shinikizo la mvuke, haina pa kwenda ila kwenye mwendo.

Tuchukue mvuke mkavu wa baa 5 unaoingia polepole na kutoka kwa baa 2.5. Majedwali yanatoa enthalpi ya 2,749 kJ/kg mwanzoni na, pasipo msuguano, kama 2,624 mwishoni. Tofauti ni 125.

V = √(2 × 125,000) = 500 m/s

Angalia sifuri: lazima kilojuli zigeuzwe kuwa juli. Anayesahau hupata karibu 16 m/s, kasi ya gari mjini! Msuguano ukila asilimia 5 ya tofauti hiyo, kasi hushuka hadi 487 tu, kwa sababu ya kipeo cha pili. Ila nozeli inayobanwa tu haitoshi hapa; chini ya takriban baa 2.9 lazima itanuke tena kuelekea mdomoni.